Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: oware kwa wacheza bao wa Moshi na Arusha

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaojua bao tayari, wale wa vijiweni Majengo, Pasua, Ngarenaro na kwingineko, ambao wameanza kucheza oware na wanashangaa kwa nini wanafungwa na watoto wa shule. Karibu yote yanazunguka mambo mawili: kuliwa kete nyingi kwa mkupuo mmoja, na kumwacha mwenzako bila kete. Kanuni nyingine zimetajwa pale tu zinapohitajika.

Oware si bao lile lile letu?

Ni ndugu, lakini wa mbali. Bao la Kiswahili lina safu nne, mashimo 32 na kete 64. Oware, mchezo wa Ghana na nchi jirani za Afrika Magharibi, una safu mbili za mashimo sita sita, na kete 48, nne katika kila shimo. Huku kwetu wanaozoea safu mbili upesi zaidi ni wale waliokua wakicheza enkeshui ya Wamaasai, maana macho yao hayatafuti safu ya nyuma.

Tofauti zinazoumiza ni tatu. Kwenye bao kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unaendelea. Kwenye oware zamu yako inaishia hapo hapo. Kwenye bao unachokula unakirudisha ubaoni upande wako. Kwenye oware unachokula kinatoka nje kabisa na hakirudi. Na kwenye bao unakula shimo linalotazamana na lako, ilhali kwenye oware unakula lile lile ilipoangukia kete yako ya mwisho, likiwa la mwenzako na likiwa sasa na kete 2 au 3. Baada ya hapo unatazama shimo lililotangulia. Kama nalo ni la mwenzako na lina 2 au 3, unalila pia, na unazidi kurudi nyuma hivyo hivyo hadi ukute shimo lenye idadi nyingine. Huko kurudi nyuma ndiko kunakoleta mikupuo ya kete nane au kumi.

Anayefikisha kete 25 ameshinda. Zikiwa 24 kwa 24 ni sare.

Nitapata wapi ubao?

Usinunue. Trei ya mayai ya kawaida ina mashimo 30, safu tano za sita. Kata safu mbili, umepata ubao. Vipande vilivyobaki wekea kete mlizokula. Kete ziwe maharage, ila chagueni ya ukubwa unaolingana na rangi moja. Ya soya huteleza na kuruka nje. Wenye komwe za bao wazitumie, ingawa kwenye trei zikifika kumi shimo linafurika.

Mnayahesabuje mashimo hapa chini?

Yako ni 1 hadi 6, kutoka kushoto kwako kwenda kulia. Ya mwenzako ni 7 hadi 12, kutoka kulia kwako kurudi kushoto. Kwa hiyo la 7 linatazamana na la 6, na la 12 linatazamana na la 1. Kete husambazwa kufuata namba: 1, 2, 3 hadi 12, kisha 1 tena.

Ukizihesabu hivyo unapata faida moja kubwa. Ukitaka kujua shimo litaishia wapi, jumlisha namba yake na idadi ya kete zake. Ikizidi 12, toa 12. Shimo la 10 lenye kete 5 ni 15, toa 12, linaishia shimo lako la 3. Huhitaji kugusa kitu. Shimo lenye kete 12 au zaidi lina hesabu yake, tutaifikia.

Mimi ni mcheza bao wa siku nyingi. Kwa nini naliwa kwa mkupuo kila mara?

Kwa sababu unatazama mbele. Mcheza bao amezoea kuuliza, "Shimo langu hili linatazamana na nini?" Kwenye oware swali hilo halina maana. Kinachokula shimo lako la 3 hakikai mbele yake. Kinakaa pembeni, kwenye la 10 au la 11, wakati mwingine mbali kabisa kwenye la 8, kikisubiri idadi yake itimie.

Sababu ya pili ni kwamba kushoto kwako ndiko mlangoni. Kete za mwenzako zinaingia kwa shimo la 1, na kila inayoelekea la 3 inapita la 1 na la 2 na kuacha kete moja moja. Kwa hiyo mashimo yenye kete 1 au 2 yaliyopangana kuanzia la 1 ni hatari kuliko idadi hiyo hiyo iliyotawanyika. Likiwa moja peke yake unapoteza 2 au 3. Yakiwa matatu yaliyofuatana, unapoteza hadi 9 kwa zamu moja.

Kabla sijacheza nikague nini?

Kwanza tazama safu yako kama itakavyokuwa baada ya kusambaza, si ilivyo sasa. Wengi hukagua ubao wa sasa, wakaona ni salama, kisha wakaunda hatari kwa mkono wao wenyewe.

Halafu pita kwenye mashimo ya mwenzako moja moja, kuanzia la 12 kurudi hadi la 7, ukijumlisha. Usihesabu yale yanayoishia upande wake mwenyewe. Kwa kila linaloishia kwako, tazama shimo linapoishia. Kama lina 1 au 2, litaliwa, na hapo ndipo uanze kuhesabu yaliyotangulia. Kama ni tupu litakuwa na 1, halili kitu. Kama lina 3 au zaidi litakuwa na 4 au zaidi, halili kitu pia. Na likishindwa kuliwa hilo la mwisho, yote yaliyo nyuma yake yamepona, hata kama yana 2 au 3. Hapa ndipo ulinzi wote ulipo: huna haja ya kulinda mashimo matatu, linda lile moja ambamo kete ya mwisho itatua.

Mzunguko huo unachukua sekunde chache ukizoea. Mwanzoni utaonekana unachelewesha kijiwe. Wavumilie wakuzomee.

Nipe mfano wa ubao halisi, hatua kwa hatua.

Kila mmoja ameshakula kete 13, na ni zamu yako. Safu ya juu ni ya mwenzako, inasomeka kutoka la 12 kushoto hadi la 7 kulia. Ya chini ni yako, 1 hadi 6.

```
0  0  5  1  2  1
2  2  1  6  2  0
```

Jicho linaenda moja kwa moja kwenye shimo lako la 5. Lina kete 2, linaishia la 7, ambalo lina 1. Litakuwa na 2, unakula 2. Karibu kila mgeni anacheza hivyo, tena kwa haraka na kwa kishindo. Ubao unakuwa hivi, nawe una 15:

```
0  0  5  1  2  0
2  2  1  6  0  1
```

Sasa mwenzako anachukua la 10. Kete 5 zinakwenda la 11, la 12, la 1, la 2, la 3. La 3 lilikuwa na 1, sasa 2, analila. La 2 lilikuwa na 2, sasa 3, analila. La 1 vivyo hivyo. La 12 ni lake, anasimama. Jumla 8, amefika 21 na anahitaji 4 tu. Wewe kwa kete zako 2 umebaki na 15 na safu yenye mashimo mawili tu yenye kitu.

Turudi nyuma tuone njia nyingine. Angalia kwamba hatari ilikuwepo kabla hujacheza: la 10 lilikuwa tayari linaishia la 3. Kula kwako kete 2 hakukuileta, kulishindwa kuiondoa, na ndivyo mikupuo mingi inavyotokea.

Ukicheza la 1, kete zake mbili zinaenda la 2 na la 3, nayo yanakuwa 3 na 2. Akijibu kwa la 10, la 3 linakuwa 3 na kuliwa, ila la 2 linakuwa 4 na kumzuia. Umepoteza 3 badala ya 8. Ukicheza la 2, la 3 linakuwa na 2 na la 2 linabaki tupu. Akija, la 3 linakuwa 3, linaliwa, na la 2 lina 1 tu, anasimama. Hapo pia umepoteza 3. Ni afadhali, lakini si dawa.

Ukicheza la 4, kete 6 zinaenda hadi la 10. Hujala kitu, na inaonekana kama umemgawia mali yako. Lakini la 10 sasa lina 6, na 6 na 10 ni 16, linaishia la 4, ambalo umelimaliza wewe mwenyewe. Akilicheza, kete ya mwisho inatua peke yake kwenye la 4 na hali kitu, ingawa la 1, la 2 na la 3 yatakuwa na 3, 3 na 2. Umeokoka kwa kumwongezea mshambuliaji kete moja. Wachezaji wazuri wanaipenda sana njia hii kwa sababu mwenzako hupata shida kuiona ikija.

Njia ninayoichagua mimi ni ndogo kuliko zote: cheza la 3, kete moja, iende la 4. Ubao unakuwa hivi:

```
0  0  5  1  2  1
2  2  0  7  2  0
```

La 10 bado linaishia la 3, lakini la 3 ni tupu, litakuwa na 1. Mashimo yake mengine yanaishia kwake mwenyewe. Na wewe bado una la 5 linalotishia la 7, kwa hiyo zamu yake inayofuata inabidi aitumie kuokoa kete ile au aiache uile. Umejilinda bila kuachia tishio lako, na umetumia kete moja.

Kwa hiyo shimo tupu ni salama siku zote?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanaojua somo la juu hukwama. Ni salama dhidi ya mashimo ya kawaida. Si salama dhidi ya lundo.

Shimo lenye kete 12 au zaidi huzunguka ubao mzima, huliruka shimo lilikotoka, na kuanza mzunguko wa pili. Kwa hiyo kwenye mashimo yako ya mwanzo linaacha kete mbili, si moja. Tupu linakuwa na 2. Lenye 1 linakuwa na 3. Yote mawili yanaliwa. Lenye 2 linakuwa na 4, limepona. Yaani mambo yanageuka: kwa shimo la kawaida ogopa 1 na 2, kwa lundo ogopa 0 na 1.

Kujua lundo litaishia wapi, jumlisha namba ya shimo na kete zake kama kawaida, kisha ongeza 1 kwa sababu ya lile linalorukwa, halafu toa 24, au 12 kama jumla haizidi 24. Lundo la kete 15 kwenye la 12: 12 na 15 ni 27, ongeza 1 ni 28, toa 24, linaishia la 4. Kama safu yako ni 0, 1, 0, 1, 4, 3, anakula 2, 3, 2 na 3, jumla 10.

Jaribu kuokoa safu hiyo uone ilivyo ngumu. Ukihamisha la 2 kwenda la 3, bado anakula 10. Ukihamisha la 4 kwenda la 5, anakula 9. La 5 na la 6 hayafiki la 12, kwa hiyo huwezi kumwongezea kete ya kumpeleka la 5, ambalo lingemzuia. Umechelewa. Lundo hushughulikiwa mapema, likiwa bado na kete saba, nane hadi kumi na moja. Likiwa kwenye la 12 na idadi hiyo linaishia upande wake mwenyewe na halili chochote, kwa hiyo mwenye lundo anaomba Mungu apate zamu za kungojea. Anazipata kwa kucheza kete moja moja kwenye mashimo mengine. Ukizipunguza kete hizo ndogo, atalazimika kulivunja lundo kabla halijaiva.

Nimesema kuzipunguza. Sikusema kuzimaliza, na hapo tunaingia nusu ya pili ya ukurasa huu.

Kwenye bao, mwenzangu akiishiwa kete safu ya mbele nimeshinda. Kwa nini hapa mnanizuia?

Kwa sababu oware haishindwi kwa kumfilisi mtu ubaoni, bali kwa hesabu ya kete zilizotoka nje. Kanuni inasema hivi: mwenzako akiwa hana kete hata moja na ni zamu yako, unalazimika kucheza shimo litakalomfikishia kete, kama lipo. Hata kama kuna mchezo mwingine mzuri kiasi gani, hauruhusiwi. Kama huna shimo lolote linaloweza kumfikia, mchezo umekwisha hapo, nawe unachukua kete zote zilizobaki upande wako.

Shimo linamfikia kama namba yake na kete zake vinafika 7 au zaidi. La 6 kete 1, la 5 kete 2, la 4 kete 3, na kuendelea hivyo hadi la 1 kete 6.

Mcheza bao hupata tabu na hili kwa sababu silika yake ni kukaba. Mzee mmoja wa kijiwe cha hapa Moshi aliposikia kanuni hii mara ya kwanza aliuliza, "Yaani nimemkamata halafu nimpe chakula?" Ndiyo, Mzee wangu. Unampa.

Kulisha kete chache kuna hasara gani? Si namlisha tu tunaendelea?

Hasara ni kwamba huchagui wewe ni shimo gani la kulishia. Chukua ubao huu. Mwenzako ana kete moja tu, kwenye la 12, na ni zamu yake.

```
1  0  0  0  0  0
0  0  1  0  1  9
```

Anaisogeza kwenye la 1. Sasa hana kitu, na wewe lazima umlishe. La 1 lina kete 1, halifiki. La 3 halifiki. La 5 lina 1, linaishia la 6, halifiki. Limebaki la 6 peke yake, akiba yako yote ya kete 9. Unalisambaza: kete sita zinajaza mashimo yake yote, moja moja, na tatu zinaingia la 1, la 2 na la 3.

```
1  1  1  1  1  1
2  1  2  0  1  0
```

Anacheza la 12, la 1 linakuwa 3, anakula 3. Tena sasa ana mashimo matano mengine ya kuchezea huku wewe akiba imekwisha. Kwa kete moja tu amekuvunjia ghala.

Kama la 5 lingekuwa na kete 2, ungelisha kwa hilo: moja la 6, moja la 7, na lundo lako lingebaki na kete 10. Kwa hiyo ukiona mwenzako amebakiwa na kete moja au mbili, kagua mapema una "kete ya kulishia" gani ndogo. Mara nyingi inatosha kuwa na 1 kwenye la 6 au 2 kwenye la 5. Usiisogeze hiyo bila sababu.

Na nikiweza kuzila kete zake zote kwa mkupuo mmoja?

Hapa kanuni zinatofautiana mahali na mahali, kwa hiyo kubalianeni kabla ya kuanza, si wakati mkono umeshainuliwa. Iliyozoeleka kwenye mashindano ni kwamba unaruhusiwa kusambaza, lakini huli chochote. Kete zinabaki pale pale. Wengine wanakataza mchezo huo kabisa. Vyovyote iwavyo, mkupuo wa kumaliza kila kitu haukulipi.

Mfano: wewe una 21, mwenzako 19, zamu ni yako.

```
0  0  0  0  2  1
0  0  1  0  2  2
```

La 6 lina 2, linaishia la 8. La 7 linakuwa 2, la 8 linakuwa 3, zote ni za kula na ndizo zote alizonazo. Kwa kanuni iliyozoeleka hupati kitu: bado una 21, na yeye ana kete 5 badala ya 3, kwa hisani yako. Atasogeza la 7, na la 5 lako halitakuwa na cha kula tena.

Sasa cheza la 5 badala yake. Kete zake mbili zinaenda la 6 na la 7. La 7 linakuwa 2, unalila, umefika 23. Mwenzako amebakiwa na la 8 tu, lenye kete 2. Hana uchaguzi: anazisambaza la 9 na la 10, moja moja. La 6 lako sasa lina 3. Unalicheza: la 7 moja, la 8 moja, la 9 linakuwa 2. Unalila, na la 8 lina 1 kwa hiyo unasimama. Umefika 25.

Ukimwachia kete mbili, unajua hasa atacheza nini. Ukijaribu kuzichukua zote, humjui tena.

Je, kuna wakati kumwishia kete kunanifaa?

Upo, karibu na mwisho, na ni suala la kujumlisha tu. Kama hana kete na wewe huwezi kumfikia, zilizobaki upande wako ni zako. Tuseme una 20, yeye 22, na kete 6 zote ziko mashimo yako ya kushoto, fupi, hakuna linalofika la 7. Akiishiwa wakati huo, unachukua 6 na kushinda kwa 26. Ukiwa na 18, yeye 24, na zilizobaki kwako ni 6, jibu ni 24, sare tu.

Ndiyo maana kuelekea mwisho wachezaji wazuri hukusanya kete mashimo ya 1, 2 na 3, mbali na mpaka, na huzihesabu kila zamu. Ila kumbuka mashimo hayo hayo ndiyo mlango wa mwenzako. Kama bado ana kete moja kwenye la 12, lundika 3 au zaidi kwenye la 1, au liache tupu.

Ni kweli kompyuta imeshaumaliza mchezo huu?

Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Vrije Universiteit, Amsterdam, walikokotoa hali zote 889,063,398,406 zinazoweza kutokea kwenye awari, mchezo uleule kwa kanuni zao, na jibu likawa sare wachezaji wote wawili wasipokosea. Kijiweni hakuna asiyekosea, kwa hiyo habari hiyo haijamzuia mtu kucheza.

Nifanye zoezi gani nikiwa peke yangu?

Panga ubao wa mfano wa kwanza tena, ila weka kete 4 kwenye shimo la 11 la mwenzako. Fanyeni mmeshakula 11 kwa 11.

```
0  4  5  1  2  1
2  2  1  6  2  0
```

Sasa anao washambuliaji wawili, la 10 na la 11, na wote wanaishia la 3. Cheza la 4 kama tulivyoona: la 10 linapata kete ya sita na kupitiliza hadi la 4, limeshindwa. Lakini hukulifikia la 11. Linakuja vile vile, linatua la 3, na kete 8 zinaondoka. Kisha upange upya na ucheze la 3 kwenda la 4, uone yote mawili yakitua patupu. Ukimaliza, zungusha trei, kaa upande wake, na utafute ni mchezo gani wa kungojea anao huyo mwenzako ili la 10 lifikishe kete 6 bila wewe kulisogelea.